Rangi za slaisa na breketi ya pazia: kuona pa kuvunjikia kabla ya kuprinti

Breketi ya pazia iliyovunjika ina faida moja: mpasuko wake husomeka. Ile niliyorudishiwa na mama mmoja wa mtaani kwetu ilikatika pale mkono unapotoka kwenye bamba linalofungwa ukutani, na pale ilipokatika palikuwa tambarare, pasipo chembe iliyovutika wala kupinda. Ndani ya mpasuko nikaona fremu nyembamba ya mstatili, na katikati yake vyumba vitupu vya ule wavu ambao printa ya 3D huujaza ndani ya kitu ili kuokoa filamenti, ule uzi wa plastiki inaouyeyusha.

"Mwanangu, mimi sikuning'inia," aliniambia. "Nimevuta pazia tu kama siku zote."

Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Nikafungua faili lile lile kwenye slaisa, programu inayoukata mchoro kuwa matabaka ya kuprinti, nikashuka tabaka kwa tabaka hadi kimo kile breketi ilipokatikia. Kila kitu kilichokuwa kwenye mpasuko kilikuwepo pia kwenye skrini, kimepakwa rangi. Hapo kwanza ule mwonekano wa matabaka nilikuwa nautumia kukadiria muda wa kazi na kuangalia kama kuna viegemeo vya kubandua. Tangu siku ile nauangalia kwa swali moja: kitu hiki kikivutwa, kitaachia wapi?

Nitaeleza kwa PrusaSlicer kwa kuwa ndiyo ninayotumia. Ukishamaliza kuslaisi, ingia `Preview`, na kwenye orodha ya namna za kutazama chagua `Feature type`. Kila mstari utakaochorwa na nozo, mdomo wa printa unaotoa plastiki, hupewa rangi kulingana na kazi yake. Ukuta wa nje, `External perimeter`, ni wa rangi ya chungwa. Kuta za ndani yake, `Perimeter`, ni za njano. Wavu wa ndani, `Internal infill`, ni mwekundu uliokolea kama damu ya mzee. Sakafu na dari zilizojazwa kabisa, `Solid infill`, ni zambarau, na lile tabaka la juu kabisa linaloonekana kwa macho, `Top solid infill`, ni jekundu la kung'aa. Kisha kuna rangi mbili za buluu, moja iliyokolea ya ukuta unaoning'inia hewani na moja iliyofifia ya daraja, yaani mistari inayovuka nafasi tupu, na kuna nyeupe, `Gap fill`, ya kuziba nyufa kati ya kuta.

Ukitumia Cura usizibebe rangi hizi kichwani. Kule chungwa ndiyo wavu wa ndani, ukuta wa nje ni mwekundu na kuta za ndani ni za kijani. Mtu aliyezoea moja akihamia nyingine anaweza kuutazama wavu akidhani anatazama ukuta. Bambu Studio na OrcaSlicer zimetoka ukoo mmoja na PrusaSlicer, hivyo rangi zake karibu ni zile zile.

Turudi kwenye breketi. Bamba lake lilikuwa na unene wa milimita 5, na mkono wenye upana wa milimita 14 na kimo cha milimita 10 ulitoka ukutani kwa milimita 80, ukiishia kwenye kikombe kinachopokea bomba la pazia. Niliiprinti bamba likiwa limelala kwenye kitanda cha printa na mkono umesimama wima, kwa sababu hivyo haihitaji viegemeo. Matabaka yalikuwa ya milimita 0.2, kwa hiyo bamba lilikuwa na matabaka 25, na mkono ukaanza peke yake tabaka la 26.

Nilipopandisha kitelezi cha kulia kuanzia chini, matabaka 4 ya kwanza yalikuwa zambarau tupu: sakafu ya bamba. Kuanzia la 5 hadi la 20 wavu ukatawala, umezungukwa na chungwa na njano. La 21 likawa la buluu iliyofifia, kwa kuwa hiyo ni mistari ya kwanza ya dari, inayopita juu ya matundu ya wavu bila kitu chini yake. La 22 hadi la 24 zikawa zambarau, na la 25 jekundu la kung'aa. Dari nzuri kabisa. Ila katikati yake, pale mkono utakaposimama, palikuwa na kisanduku ambacho hakikubadilika rangi hata mara moja. Kilibaki wavu tu, kuanzia la 5 hadi la 25, na kikaendelea hivyo hivyo kupanda ndani ya mkono.

Kumbe slaisa huweka dari mahali panapoishia hewani. Chini ya mkono hapaishii hewani, maana mkono unaendelea juu, kwa hiyo kwa hesabu zake pale ni ndani ya kitu na ndani hujazwa wavu. Matokeo yake ni kwamba kuta za mkono, ambazo ndizo zinazobeba pazia, zilianza tabaka la 26 zikiwa zimekaa juu ya nyuzi za wavu na kingo za dari tu.

Kuna kipengele kilichowekwa kwa ajili ya hali hii hasa, `Ensure vertical shell thickness`. Kwenye profaili yangu ya zamani kilikuwa kimezimwa. Nilipokiwasha na kuslaisi upya, kisanduku cha wavu kikapata pete ya zambarau pembezoni, chini kabisa ya kuta za mkono, kwa matabaka machache kabla ya la 26. Ukitaka kuiona, weka kitelezi tabaka la 24 halafu bonyeza mshale wa juu na wa chini wa kibodi, ukiruka kati ya 24 na 26. Jicho lishike kona moja ya mkono: rangi iliyo chini ya chungwa na njano za tabaka la 26 ni ipi? Ikiwa zambarau, ukuta una msingi. Ikiwa ni wavu, umesimama kwenye matundu.

Huo ndio usomaji wa kwanza ninaoufanya siku hizi kwenye kitu chochote chenye shina linalotoka kwenye bamba, iwe nobu, ndoano au mguu wa kifaa. Rangi ya tabaka moja peke yake hainiambii mengi. Nasoma jozi: la chini na lililo juu yake.

Pete ya zambarau lakini haikunitosha, kwa sababu tatizo la pili lilikuwa palepale. Breketi iliyosimama wima huvutwa kwa namna ya kutenganisha matabaka, na tabaka la 26 linashikamana na la 25 kwa eneo lile tu lenye plastiki. Nikahesabu. Mkono una eneo la milimita 14 kwa 10, yaani milimita za mraba 140. Nilikuwa nimeweka kuta 2, ambazo kwa mstari wa upana wa 0.45 zinatoa unene wa milimita 0.86 kuzunguka. Ukipiga hesabu ya fremu hiyo unapata kama milimita za mraba 38. Yaani kati ya 140 ninazoziona kwa nje, 38 tu ndizo zinazoshika kikamilifu, na kilichobaki ni nyuzi za wavu zinazogusana hapa na pale. Ukiongeza kuta ziwe 4, unene unafika 1.67 na fremu inakuwa karibu 69. Hiyo ni nusu ya eneo lote, na iko pembezoni, mahali ambapo mkono unaopindwa hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Huna haja ya kupiga hesabu kila mara. Kwenye orodha ya rangi, bonyeza jina `Internal infill` na wavu wote utafichwa. Unachobaki nacho kwenye skrini ndicho kinachobeba kazi. Nilipofanya hivyo kwa breketi ya yule mama, mkono mzima ukawa bomba la mstatili lenye kuta nyembamba mno, na nikashangaa kwamba ulikaa hata hizo wiki uliokaa. Watu wengi, nami nikiwemo zamani, kitu kikivunjika hukimbilia kupandisha asilimia ya wavu kutoka 15 hadi 40. Ficha wavu uone: kuta ni zile zile. Filamenti imeliwa, muda umeliwa, na fremu pale kwenye tabaka la 26 haijanenepa hata kidogo.

Njia ya maana zaidi ilikuwa kuigeuza breketi ilale ubavu, ili mistari ikimbie kwa urefu wa mkono badala ya kuukata. Hapo ndipo rangi zilinikatalia mara ya kwanza. Bamba langu lilikuwa na upana wa milimita 30 na mkono una 14, kwa hiyo breketi ikilala ubavu mkono unabaki hewani milimita 8 juu ya kitanda. Skrini ikajaa kijani, ambayo ni viegemeo, urefu wote wa mkono. Ingewezekana kuprinti hivyo, ila upande wa chini ungetoka na makovu, na filamenti ya kutupa ingekuwa nyingi.

Nikarudi kwenye mchoro. Nikalipunguza bamba liwe na upana wa milimita 14 sawa na mkono, nikalirefusha kufika 70, skrubu moja juu na moja chini. Sasa breketi nzima ikawa umbo moja bapa la herufi L lenye kimo cha milimita 14, linalolala kitandani bila kuhitaji kiegemeo hata kimoja. Kwenye kona ya ndani, pale mkono unapokutana na bamba, nikaweka mviringo wa milimita 8 badala ya pembe kali.

Hapa nikatumia kitelezi cha chini, kile cha kulala, ambacho watu wengi hawakigusi. Chenyewe huonyesha safari ya nozo ndani ya tabaka moja. Nikachagua tabaka la katikati ya mkono, nikakirudisha mwanzo, kisha nikakisogeza taratibu na mshale wa kulia. Nilikuwa natafuta jambo moja: je, mstari wa chungwa unaotoka kwenye bamba unapinda kwenye kona na kuingia kwenye mkono bila kukatika? Ulipinda. Na ya njano iliyo ndani yake ikaufuata, zote nne. Breketi ya namna hii ikivutwa chini, hailazimiki kutenganisha matabaka. Ni lazima ikate nyuzi zenyewe, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Angalia pia mshono unapoangukia, ile alama ya mahali kila duara la ukuta linapoanzia na kuishia. PrusaSlicer huweza kuuonyesha kwa vidoti, na mara nyingi huupenda uwe kwenye kona za ndani kwa sababu unajificha vizuri. Kona ya ndani ya breketi ndiyo inayobeba. Nikaupaka mshono kwa brashi ya slaisa uhamie mgongoni mwa bamba, upande unaogusa ukuta wa nyumba, ambako hakuna anayeuona wala kuuvuta.

Kikombe cha bomba kilinichelewesha kuliko nilivyotarajia. Bomba lina kipenyo cha milimita 19, na kikombe ni herufi C inayofunguka kidogo ili bomba lisukumwe ndani. Ukuta wake niliuchora milimita 2.2, namba niliyoitoa kichwani tu. Kwenye skrini ukaonekana hivi: chungwa, njano, uzi mweupe, njano, chungwa. Ule mweupe ulikuwa mwembamba, unakatika na kuanza tena.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Kuta mbili kila upande ni mistari minne, ambayo inachukua 1.67. Ukitoa kwenye 2.2 inabaki nafasi ya kama nusu milimita katikati, finyu mno kwa jozi nyingine ya kuta, kwa hiyo slaisa inaiziba kwa uzi wa kujazia. Uzi huo huchorwa baadaye, mara nyingi kwa vipande vifupi vifupi, na haushikani na majirani zake kama kuta zinavyoshikana. Kwenye kitu kinachokaa tu usingejali. Kwenye kikombe kinachotanuka kila bomba linapoingia na kutoka, ukuta huanza kupasuka katikati yake, sawasawa na uzi mweupe ulivyopita.

Slaisa yenyewe hukutajia vipimo vinavyokaa sawa. Kwenye mipangilio ya kuta, chini ya idadi, kuna maandishi madogo yanayosema kwa tabaka la 0.2 unene unaofaa ni upi: 0.86 kwa mistari miwili, 1.67 kwa minne, 2.49 kwa sita. Nikaubadilisha ukuta wa kikombe kuwa milimita 2.5. Nikaslaisi. Nyeupe ikatoweka yote, ikabaki chungwa na njano zimelaliana kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Haya ya nyeupe yanahusu zaidi mtindo wa kuta unaoitwa `Classic`, ambao profaili yangu ilikuwa bado inautumia. Ukichagua `Arachne`, slaisa inanenepesha na kukondesha mistari ili ijaze nafasi yenyewe, na nyeupe hupungua sana. Ila usidhani kila njano basi ni sawa. Badilisha namna ya kutazama iwe `Width` na uangalie pale mistari inapokonda ghafla, kwa sababu rangi ya kazi haikuonyeshi unene.

Buluu ilibaki mahali pamoja tu, kwenye matundu ya skrubu. Breketi ikiwa imelala ubavu, tundu la milimita 4.5 linapita kwa mlalo katikati ya bamba, na paa lake linachorwa hewani. Matabaka mawili matatu juu ya tundu yakaonyesha buluu. Kwa upana huo mdogo mistari hulegea kidogo tu na tundu hutoka na tumbo upande wa juu. Unalipitisha drili ya kipenyo hicho hicho kwa mkono na kazi imekwisha. Buluu ya kuogopa ni ile inayokaa mahali pa kubeba, kwa mfano chini ya mkono au ndani ya ndoano, kwa sababu mistari iliyochorwa hewani haikugandamizwa kwenye kitu chochote ilipokuwa ya moto.

Kabla ya kumpelekea yule mama, nikafunga moja kwenye ubao wa mninga na kuitundikia ndoo ya maji ya lita 10 usiku kucha. Asubuhi mkono ulikuwa mzima, kona nzima, kikombe kizima. Kilichokuwa kimeachia ni bamba, kwenye tundu la juu: ufa mwembamba ulionyooka, unaofuata matabaka, kuanzia kwenye skrubu hadi ukingoni.

Nikarudi kwenye skrini nikatazama tena matabaka ya pale. Chungwa, njano, hakuna nyeupe, hakuna wavu wa kutisha. Rangi hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa skrubu yenye kichwa cha koni, ambayo kadiri unavyoikaza inajipenyeza kama kabari, na mimi nilikuwa nimeigeuza breketi ili matabaka yasimame sambamba na skrubu yenyewe. Kabari ikayatenganisha. Slaisa haijui utafunga na skrubu gani, wala haijui nguvu inatoka upande gani; hiyo lazima uilete wewe unapotazama. Vivyo hivyo haijui kama filamenti imekunywa unyevu, jambo ambalo sisi wa pwani hatulikwepi, wala kwamba dirisha linapigwa na jua la mchana. Kwa ajili ya jua niliihama plastiki ya PLA, ambayo hulainika ikikaribia nyuzi joto 60, nikatumia PETG inayostahimili hadi karibu 80.

Kwa tundu, niliondoa umbo la koni kwenye mchoro, nikaweka kitako bapa, na sasa nafunga kwa skrubu ya kichwa bapa yenye washa pana chini yake. Ndoo ile ile ikakaa siku mbili bila ufa. Mama alizifunga mbili kwa fisha mpya, na akaagiza nyingine mbili za dirisha la sebuleni, ambako bomba lina kipenyo cha milimita 25. Ukuta wa kikombe nimeuacha 2.5, ila kwa kuwa kikombe ni kikubwa zaidi nimelazimika kuipitia C upya kwenye skrini, tabaka baada ya tabaka, maana ncha zake zinakonda kuelekea mdomoni na nyeupe imerudi milimita tatu za mwisho.